Muhtasari wa Mkutano wa Kawaida wa Tatu wa Bodi ya Zahanati, Jumamosi 13 Septemba 2025

Ukumbi wa mikutano wa zahanati. Mkutano uliitishwa kwa notisi ya maandishi ya tarehe 22 Agosti 2025, iliyotumwa pamoja na ajenda na makabrasha.

Waliohudhuria (wajumbe): Mwenyekiti, Makamu Mwenyekiti (aliondoka saa 6:40 mchana), Mhazini, Mwenyekiti wa Kamati ya Ukaguzi, Mwenyekiti wa Kamati ya Ununuzi (alifika saa 4:35 asubuhi), Mwakilishi wa Wafanyakazi, Mwakilishi wa Jamii.

Aliyetoa udhuru: Mjumbe Mwanasheria, kwa barua ya tarehe 10 Septemba 2025.

Asiyehudhuria bila udhuru: Mwakilishi wa Wafadhili.

Waalikwa wasio na kura: Mkurugenzi Mtendaji, Mhasibu, Katibu wa Bodi (mwandishi wa muhtasari).

Kumb. 21/3/2025: Kufungua mkutano na akidi

Mwenyekiti alifungua mkutano saa 4:10 asubuhi. Katibu aliwahesabu wajumbe 6 kati ya 9. Akidi kwa mujibu wa katiba ni wajumbe 5, hivyo Mwenyekiti alitangaza kuwa mkutano ni halali.

Kumb. 22/3/2025: Kupitisha ajenda

Mhazini aliomba suala la watia saini wa benki lijadiliwe chini ya yatokanayo badala ya mengineyo, kwa kuwa linahitaji azimio. Ajenda ilipitishwa na badiliko hilo.

Kumb. 23/3/2025: Kutangaza mgongano wa maslahi

Mwakilishi wa Jamii alitangaza kuwa ndugu yake ni mmoja wa wamiliki wa kampuni ya Mzabuni A katika zabuni ya jokofu la chanjo. Ilikubaliwa kwamba atatoka ukumbini wakati wa mjadala na wakati wa kura. Tangazo liliingizwa kwenye rejista ya maslahi.

Kumb. 24/3/2025: Kuthibitisha muhtasari wa mkutano wa tarehe 14 Juni 2025

Muhtasari ulipitiwa ukurasa kwa ukurasa. Kumb. 17/2/2025 ilisahihishwa: mahali palipoandikwa "bajeti iliidhinishwa" pasomeke "rasimu ya bajeti ilipokelewa na kurudishwa kwa Mhazini". Baada ya sahihisho hilo muhtasari ulithibitishwa kuwa kumbukumbu sahihi. Hoja ilitolewa na Mwenyekiti wa Kamati ya Ukaguzi, ikaungwa mkono na Mwakilishi wa Wafanyakazi. Mwenyekiti aliweka saini kila ukurasa, na saini ndogo pembeni ya sahihisho.

Kumb. 25/3/2025: Yatokanayo

*(a) Watia saini wa akaunti ya uendeshaji (Kumb. 15/2/2025).* Katibu alieleza kuwa benki ilirudisha maombi ya mabadiliko. Muhtasari wa Juni uliandika tu kwamba "ilikubaliwa watia saini wabadilishwe": haukutaja akaunti, haukusema nani anaondoka na nani anaingia, wala saini ngapi zinatosha. Benki haiwezi kutekeleza maneno ya namna hiyo, na kwa miezi mitatu hundi zote zimesubiri mtia saini aliyekwisha kustaafu. Mwenyekiti wa Kamati ya Ununuzi aliingia wakati wa maelezo haya. Wajumbe wakawa 7.

Azimio 8/2025: Kwamba kuanzia leo, katika akaunti ya uendeshaji, aliyekuwa Mhazini aondolewe kuwa mtia saini na Mhazini wa sasa aingizwe; watia saini wawe Mwenyekiti, Mhazini na Mkurugenzi Mtendaji; na kila malipo yahitaji saini 2, mojawapo ikiwa ya Mwenyekiti au ya Mhazini. Lilitolewa na Makamu Mwenyekiti, likaungwa mkono na Mwakilishi wa Jamii. Lilipita kwa kura zote 7. Utekelezaji: Katibu awasilishe benki nakala ya azimio iliyothibitishwa, kabla ya 19 Septemba 2025.

*(b) Ukarabati wa choo cha wagonjwa (Kumb. 16/2/2025).* Umekamilika. Suala lilifungwa.

Kumb. 26/3/2025: Taarifa ya fedha, Januari hadi Agosti 2025

Mhazini aliwasilisha. Mapato ni shilingi 84,600,000, sawa na asilimia 94 ya makadirio ya shilingi 90,000,000. Matumizi ni shilingi 79,350,000, na ziada ni shilingi 5,250,000. Salio la benki ni shilingi 12,480,000. Zikiondolewa hundi 3 ambazo hazijalipwa, za jumla ya shilingi 1,130,000, daftari linaonyesha shilingi 11,350,000.

Kifungu cha dawa kimezidi bajeti kwa asilimia 15 (shilingi 24,150,000 dhidi ya 21,000,000). Mkurugenzi Mtendaji alieleza kuwa maagizo ya robo ya pili yalichelewa, dawa zikaisha, na nyingine zikanunuliwa kwa bei ya rejareja. Taarifa ilipokelewa, Bodi haikuiidhinisha kwa kuwa hesabu hazijakaguliwa. Utekelezaji: Mkurugenzi Mtendaji alete ratiba ya maagizo yenye kiwango cha chini cha akiba kwa kila dawa, kabla ya 31 Oktoba 2025.

Kumb. 27/3/2025: Ununuzi wa jokofu la chanjo

Mwakilishi wa Jamii alitoka saa 5:30 asubuhi. Wajumbe 6 walibaki.

Mwenyekiti wa Kamati ya Ununuzi aliwasilisha tathmini ya zabuni 3: A shilingi 9,200,000, B shilingi 7,850,000, C shilingi 8,400,000. Chanjo zinapaswa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi, na daftari la joto linaonyesha jokofu la sasa huvuka nyuzi 8 mara kwa mara. Kamati ilimpendekeza Mzabuni C: B ana bei ya chini, lakini hakutoa dhamana ya kompresa wala kipimajoto kinachojirekodi.

Hoja: Kwamba zabuni ya C ikubaliwe, malipo ya awali yakiwa asilimia 50. Ilitolewa na Mwenyekiti wa Kamati ya Ununuzi, ikaungwa mkono na Mhazini.

Marekebisho: Kwamba malipo ya awali yawe asilimia 30 (shilingi 2,520,000), na asilimia 70 (shilingi 5,880,000) ilipwe baada ya jokofu kufungwa na kurekodi siku 7 mfululizo ndani ya kiwango. Yalitolewa na Mwenyekiti wa Kamati ya Ukaguzi, yakaungwa mkono na Makamu Mwenyekiti. Yalipita kwa kura zote 6.

Azimio 9/2025: Hoja kama ilivyorekebishwa ilipita: ndiyo 4, hapana 1, aliyejizuia 1. Mwakilishi wa Wafanyakazi aliomba kura yake ya hapana iandikwe, kwa sababu fedha hizo zingeanza na kifungu cha dawa. Utekelezaji: Mkurugenzi Mtendaji asaini mkataba kabla ya 30 Septemba 2025.

Mwakilishi wa Jamii alirejea saa 6:20 mchana na kuelezwa matokeo.

Kumb. 28/3/2025: Kikao cha faragha

Makamu Mwenyekiti aliondoka saa 6:40. Mkurugenzi Mtendaji, Mhasibu na Mwakilishi wa Wafanyakazi walitoka. Katibu alitahadharisha kuwa wajumbe waliobaki ni 5, akidi kamili, na akitoka hata mmoja hakuna uamuzi utakaosimama. Mjadala umeandikwa katika muhtasari wa siri unaotunzwa na Mwenyekiti.

Azimio 10/2025: Kwamba mkataba wa Mkurugenzi Mtendaji uongezwe kwa miezi 24 kuanzia 1 Januari 2026. Lilitolewa na Mhazini, likaungwa mkono na Mwenyekiti wa Kamati ya Ukaguzi. Lilipita kwa kura zote 5. Kikao cha wazi kilirejea saa 7:10 mchana, wajumbe wakiwa 6.

Kumb. 29/3/2025: Mengineyo

Mwakilishi wa Wafadhili amekosa mikutano 2 mfululizo bila udhuru. Katibu amwandikie kumkumbusha kuwa katiba humwondoa mjumbe akikosa 3.

Kumb. 30/3/2025: Mkutano ujao na kufunga

Mkutano ujao utakuwa Jumamosi 13 Desemba 2025, saa 4:00 asubuhi, ukumbi huu huu. Hoja ya kufunga ilitolewa na Mwakilishi wa Jamii, ikaungwa mkono na Mhazini. Mwenyekiti alifunga mkutano saa 7:25 mchana.

*Rasimu iliandaliwa na Katibu wa Bodi na kutumwa kwa wajumbe tarehe 18 Septemba 2025. Itasainiwa na Mwenyekiti baada ya kuthibitishwa katika mkutano wa 13 Desemba 2025.*