Kikao cha Jumatatu kitarekodiwa: nini kinaingia, nani anaona

Habari za asubuhi jamani, na wakubwa wangu shikamooni. Wenzetu wa Tunduma, mnanisikia? Haya. Dakika kumi tu, najua kuna makontena yanasubiri bandarini.

Kuanzia Jumatatu ijayo kikao chetu cha saa mbili na nusu asubuhi kitarekodiwa kwenye Zoom, na programu itatuandikia muhtasari. Tangu Ijumaa nasikia maneno ya koridoni kwamba bosi kaweka sikio ofisini, ndiyo maana nimeona nilieleze mwenyewe.

Ukiona neno Recording juu ya skrini, ujue sauti ya kila mtu inachukuliwa. Programu inaigeuza kuwa maandishi, nani kasema nini, kisha inafupisha: tulizungumza nini, tukaamua nini, nani kapewa kazi gani na anatakiwa aimalize lini. Meseji mnazoandikia wote ndani ya kikao nazo zinahifadhiwa. Utani wa Simba na Yanga wa kabla ya kikao hauingii, kwa sababu nitabonyeza kitufe baada ya kusema "tuanze". Nikijisahau, nikumbusheni. Mazungumzo ya mtu na mtu kuhusu likizo, ugonjwa, mkopo wa mshahara au nidhamu hayarekodiwi kabisa, hata mkuu wa idara akitaka.

Sasa nieleze jambo linalonisumbua mimi zaidi. Wiki mbili zilizopita tulijaribu na idara ya forodha. Mmoja wenu alisema, "Mzigo wa Lubumbashi hautoki wiki hii, nyaraka hazijakamilika." Muhtasari ukaandika kwamba mzigo unatoka wiki hii. "Ha" moja tu ilimezwa! Karatasi ile ingemfikia mteja, tungekuwa tunaomba radhi mpaka leo. Na sisi tunavyochanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja, programu inapotea njia mara nyingi.

Kwa hiyo muelewane nami hapa. Sisi tukisema muhtasari wa kikao, tumezoea ile karatasi yenye sahihi ya mwenyekiti na katibu. Hii siyo hiyo. Hii ni rasimu. Katibu wa kikao ataipitia siku hiyohiyo, atawatumia mliohudhuria, na mna hadi kesho yake saa kumi jioni kusema "hapa sikusema hivi". Ikishasahihishwa ndipo inakuwa kumbukumbu yetu. Mtu asikunyooshee rasimu ya mashine akasema umeahidi.

Nani anaona? Waliokuwa kwenye kikao, pamoja na mkuu wa idara husika hata kama siku hiyo alikuwa safarini. Basi. Uhasibu hawaoni ya forodha, na mimi sioni ya kikao ambacho sikukaa. Rasilimali watu wakihitaji, wataandika barua yenye sababu, na wewe uliyetajwa utajulishwa. Wateja na mawakala hawatumiwi kabisa. Asiwepo mtu wa kupiga picha ya skrini na kuirusha kwenye grupu.

Ila sitawadanganya. Kijana wetu wa mifumo ana ufunguo wa akaunti nzima, akitaka kufungua anaweza. Tumekubaliana kila anapofungua aandike kwenye daftari, na daftari hilo litakuwa mapokezi, yeyote alisome. Tena mahakama ikileta amri, tutatoa. Na sauti hizi zinahifadhiwa kwenye kompyuta za Zoom, siyo kabatini kwetu. Kwa hiyo mkiwa kikaoni msitaje namba ya simu ya mteja wala mshahara wa mtu. Semeni "yule mteja wa mbolea", tutaelewana.

Rekodi ya sauti itafutwa baada ya siku 30. Muhtasari uliosahihishwa utakaa mwaka mmoja. Havitatumika kupima utendaji wa mtu mwisho wa mwaka, na hilo nimeliandika kwenye waraka mtakaopewa leo, wenye sahihi yangu, ili mnibane nalo.

Haya siyo hisani yangu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inakupa haki ya kuona taarifa zako na kudai zirekebishwe zikikosewa. Ukiona mimi sikusikilizi, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, peleka malalamiko.

Asiyetaka sauti yake irekodiwe anione kabla ya Ijumaa. Ataleta taarifa yake kwa maandishi, katibu ataisoma, na hataulizwa sababu.

Naona dada wa uhasibu kanyoosha mkono tangu niliposema mshahara. Anza wewe, halafu Tunduma.