Maneno ya kufungulia semina ya kinga na udhibiti wa maambukizi kwa watumishi wa zahanati na vituo vya afya, Mafinga

Kamwene! Naona wa nyuma huko baridi imewabana midomo, kamwene tena jamani.

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu habari za asubuhi. Najua wa Mgololo na Mdabulo mmetoka kwenye giza na ukungu huu wa Julai, pikipiki hata mita kumi mbele huoni, na wengine mmeacha zahanati ina mtu mmoja tu na foleni ya akina mama ya kliniki iko palepale inamsubiri. Kwa hiyo sitawapotezea muda, mimi ni muuguzi kama nyie, na hii semina tumeipanga watu wa kazi kwa watu wa kazi. Chai ipo pale nyuma, inywe ikiwa ya moto.

Kitu kimoja kwanza. Mmeona wahudumu wetu wa usafi wamekaa mstari wa mbele, wengine wamekuja wanauliza kama kweli ni wao walioitwa. Ndiyo ni nyie. Miaka yote tumefanya semina za maambukizi tukaita madaktari, wauguzi na watu wa maabara, halafu yule anayebeba ndoo ya taka, anayefuta damu chini, anayefua mashuka ya leba tunamwacha nyumbani, akija kazini kesho tunamwambia tu fanya hivi. Leo hapana. Na nina sababu yangu binafsi nitawaambia.

Mwaka 2011 nilikuwa kwenye kituo kimoja, zamu ya usiku peke yangu, mama kajifungua salama, nikamchoma sindano ya kuzuia damu, na kwa haraka nikataka kurudishia kifuniko cha sindano. Ikaniingia kidole cha shahada. Nikasimama pale naangalia tone la damu ndani ya glavu. Sikumwambia mtu. Pale tulipokuwa, ukijichoma unasimamishwa kwenye kikao cha asubuhi unaitwa mzembe mbele ya wenzako, sasa nani atasema? Nyumbani nina mtoto wa miezi saba ananyonya, naogopa kumnyonyesha na naogopa kusema kwa nini simnyonyeshi. Siku ya pili jioni mama mmoja mhudumu wa usafi alinikuta nyuma ya chumba cha kufulia nalia, akanibana mpaka nikamwambia, akanishika mkono akanipeleka kituo cha jirani nikaanzishiwa dawa za kinga. Hiyo ilikuwa kama saa 40 tangu nijichome. Dawa zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, masaa machache ya mwanzo ndo bora, na zikizidi saa 72 hazianzishwi tena. Nilizimeza siku 28, nikapima mara zote nilizoambiwa, nikatoka salama. Lakini nisingekutana na yule mama ningezifikisha hizo saa 72 nimenyamaza tu, tena mimi muuguzi niliyesomea.

Ndo maana neno langu la leo ni moja: tusinyamaziane. Sabuni tutazungumza, Jiki tutazungumza, glavu pia, ila naamini kwa moyo wote kwamba kwenye vituo vyetu kinachoumiza watu zaidi ni ukimya. Mtu kajichoma kanyamaza, muuguzi mdogo kaona mkubwa wake anatoka kwa mgonjwa huyu anaenda kwa yule na glavu zilezile kanyamaza, mhudumu wa usafi kakuta sindano kwenye mfuko wa taka za kawaida kaitoa kwa mkono wake kanyamaza.

Na sisi wa mkoa huu tuna sababu ya ziada. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulionesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima Iringa ni asilimia 11.1, jirani zetu Njombe 12.7, wakati taifa zima ni 4.4. Kwa mtu aliyejichoma na sindano yenye damu ya mwenye VVU uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 katika 1000, mdogo lakini upo. Homa ya ini B ndo balaa lenyewe, kwa asiyechanjwa inaweza kufika hata 30 katika 100. Na chanjo ipo, dozi tatu ndani ya miezi sita. Sitaomba mtu anyooshe mkono, ila jiulize kimoyomoyo, dozi zako tatu umemaliza? Na yule mnayefanya naye kazi anayebeba taka, yeye kachanjwa?

Ukijichoma: osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, usimwagie Jiki wala spiriti, toa taarifa hapohapo. Basi. Na wewe mfawidhi unayepokea taarifa, swali lako la kwanza liwe "imetokea saa ngapi?" tuhesabu muda. "Ulikuwaje mzembe hivyo" usiiseme kabisa, sentensi hiyo moja inaweza kufanya watu watano wanaofuata wasije kukwambia.

Ukimya huu haujaanza na sisi. Mwaka 1847 kule Vienna daktari mmoja anaitwa Semmelweis aliona wodi ya uzazi inayohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao akina mama wanakufa sana kuliko wodi ya wakunga. Akagundua madaktari wanatoka kupasua maiti wanakuja moja kwa moja kuzalisha. Akawataka wanawe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili walikufa zaidi ya akina mama 18 katika kila 100, ilipofika Juni wakawa kama 2. Si dawa mpya, si mashine, ni kunawa tu! Na wakubwa wengi wa wakati ule walikataa, kwamba mkono wa daktari hauwezi kuwa mchafu. Miaka inakaribia 180 sasa na bado kuna mahali ukimkumbusha mkubwa anawe anaona umemvunjia heshima. Wakubwa zangu, nawaomba na nawasihi, mkikumbushwa leo na kesho semeni asante, mkanawe.

Tuje kwetu huku. Tatizo la Mufindi kila mtu analijua halafu hatuliandiki kwenye ripoti: maji ni ya barafu. Mwezi wa sita na wa saba ukiingiza mkono kwenye maji ya asubuhi mifupa inauma, sasa mtu ana akina mama 60 kliniki unategemea anawe mara 60? Atanawa mara mbili tatu halafu atavaa glavu moja aende nayo. Mimi simlaumu, nasema tumsaidie. Kituo kimoja wameanza kuchemsha sufuria moja kubwa asubuhi wanachanganya kwenye ndoo ya koki, maji yanakuwa vuguvugu, na kwa macho yangu nimeona watu wananawa. Pasipo na ndoo ya koki kibuyu chirizi kinatosha, dumu la lita tano, kamba na kijiti cha kukanyagia, tutakitengeneza hapa mchana kila mtu aone. Na kitakasa mikono chenye spiriti kikiwepo kiwe pale mgonjwa alipo, hakina kazi kwenye kabati la stoo. Ni sekunde 20 mpaka 30 unamaliza, sabuni na maji ni 40 mpaka 60. Ila mkono wenye damu au uchafu unaoonekana kitakasa hakifai, hapo ni maji na sabuni.

Zile nyakati tano za kunawa wengi mnazo ukutani kwenye bango. Ya tano ndo tunaikosa, baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka mgonjwa hata kama yeye mwenyewe hujamgusa. Kitanda, shuka, stendi ya dripu. Mimi naongezea na ule mfuko wa mzani wa watoto, huyu katoka kuharisha na huyu ana siku saba tu kitovu bado kibichi, wanaingizwa mlemle. Mama aje na kanga yake, mtoto apimiwe kwenye kanga yake. Na simu zetu jamani. Simu inatoka mfukoni inaingia leba inarudi mfukoni, usiku mtoto nyumbani anaichezea.

Wa usafi, hii ni yenu na nataka muijue kuliko mtu yeyote humu ndani. Jiki yenye asilimia 3.5 kopo moja, maji makopo sita, hapo mnapata klorini ya asilimia 0.5 ya kushughulikia damu iliyomwagika. Ila soma chupa kwanza maana hazifanani: chukua asilimia iliyoandikwa gawanya kwa 0.5 halafu toa moja, hayo ndo makopo ya maji. Ikiwa ni 5 basi maji ni makopo tisa. Mnachanganya kila siku upya, ya jana imeshapoteza nguvu hata kama inanuka. Mkikuta mtu, awe daktari awe nani, kajaza boksi la sindano kupita robo tatu au katupa sindano kwenye ndoo ya taka, mna ruhusa ya kumwita arudi. Nasema mbele ya wafawidhi wenu wote waliopo hapa ili kesho mtu asikatae.

Vifaa havitoshi, najua. Kuna miezi glavu zinaisha tarehe 20, na hilo hatutalifunika, saa nane tuna kipindi chake, mje na leja zenu tuandike pamoja maombi yanayoeleweka. Lakini kutorudishia kifuniko cha sindano hakununuliwi. Kumwambia mwenzako "dada hizo glavu badilisha" hakununuliwi pia. Kwa hiyo kabla ya kuondoka kila kituo kitachagua jambo moja tu, moja, la kurekebisha mpaka Ijumaa ijayo, mtaandika jina la mtu na siku, na nitapita mwenyewe kuangalia, siji kukagua mtu, nakuja tuone pamoja limekwamia wapi.

Haya, chai mmemaliza? Vaeni glavu mlizowekewa mezani. Kaka wa maabara anapita na rangi ya maji, atamdondoshea kila mmoja kidogo kiganjani. Fungeni macho, sugueni kama mnavyonawa kila siku kazini, nitahesabu mpaka 20. Nikisema fungueni msifiche mikono, geukia wa pembeni yako umwoneshe ni wapi rangi haikufika, na yeye akuoneshe pako. Tayari? Macho. Moja, mbili...