Muhadhara wa Tano: Kubadili Msimbo na Mielekeo ya Watu kuhusu Lugha

Isimujamii, mwaka wa pili, Tanga

Haya ni maelezo ya kipindi cha Jumanne, kwa waliokosa na kwa wale waliokuwepo lakini macho yao yalikuwa kwenye simu. Yasomeni kabla ya kwenda uwandani, maana kazi iliyo mwishoni haifanyiki bila kuyaelewa.

Tuanze na data. Mazungumzo haya ni ya steshenari moja ya Ngamiani, na nimebadili mambo madogo ili wahusika wasitambulike. Maneno ya Kiingereza nimeyaandika kwa tahajia yetu, jinsi yalivyotamkwa.

Mwanafunzi: Kaka mambo? Niprintie hii asaimenti, dedilaini ni leo.
Mwenye duka: Poa. Kala au blaki endi waiti?
Mwanafunzi: Blaki endi waiti, ila hiyo peji ya mwisho iwe kala.
(Anaingia mama mtu mzima.)
Mwenye duka: Shikamoo mama.
Mama: Marahaba mwanangu. Nataka unitolee nakala ya hiki cheti.
Mwenye duka: Karibu mama, keti hapo. Nikutolee nakala ngapi?
Mama: Mbili zatosha.
(Simu inalia. Mwenye duka anapokea na kuzungumza Kibondei, kisha anamrudia mwanafunzi.)
Mwenye duka: Jumla elfu mbili na mia nne.

Mwanafunzi hakutoa pesa. Alicheka, akamsemesha mwenye duka kwa Kibondei, maneno machache tu. Mwenye duka naye akacheka, akamwambia atoe elfu mbili.

Katika dakika chache mwenye duka ametumia Kiswahili kilichopachikwa Kiingereza, Kiswahili cha adabu kisicho na Kiingereza hata kidogo, na Kibondei. Hakuna aliyemfundisha wapi pa kuhamia. Tunapozungumzia kubadili msimbo tunazungumzia ujuzi huu, na neno msimbo linabeba lugha, lahaja, hata mtindo wa usemi.

John Gumperz na Jan-Petter Blom walichapisha mwaka 1972 uchunguzi wao wa Hemnesberget, mji mdogo wa Norwei, ambako watu walitumia lahaja ya pale pamoja na lugha sanifu. Walitofautisha aina mbili. Ya kwanza ni ya kimuktadha: hali inabadilika, na msimbo unaifuata. Mama alipoingia, dukani pakawa mahali pengine kabisa, pa shikamoo na marahaba. Ya pili ni ya kisitiari: hali ni ileile, wahusika walewale, lakini msemaji anavuta msimbo mwingine ili alete maana ya ziada. Kibondei cha mwanafunzi ni cha aina hii. Alichosema kwa maneno ni ombi la kupunguziwa. Alichosema kwa kuchagua Kibondei ni kwamba wewe na mimi ni wa kwetu, usinichaji kama mgeni. Ilimfaidi mia nne.

Carol Myers-Scotton, aliyekusanya data nyingi Nairobi, aliliendeleza wazo hili katika kazi zake za mwaka 1993. Kwake kila mazungumzo yana haki na wajibu ambao wasemaji wanaujua, na kuna msimbo unaotarajiwa. Ukiufuata hakuna anayekutazama mara mbili. Ukiuacha, watu watajiuliza unataka nini. Jambo ambalo wengi wenu mlilipita haraka mkiandika majibu ya jaribio ni hili: wakati mwingine msimbo unaotarajiwa ni mchanganyiko wenyewe. Katika kundi lenu la wasapu, anayeandika Kiswahili sanifu kitupu kuanzia mwanzo hadi mwisho ndiye anayeshangaza, na mtamuuliza kama amekasirika.

Sasa tuingie ndani ya sentensi. Watu hudhani kuchanganya ni kuokota maneno ovyo. Angalieni kitenzi niprintie. Shina ni la Kiingereza, lakini ni- ya mtendewa, kauli ya kutendea na -e ya ombi vyote ni vya Kiswahili. Upatanisho pia ni wetu: hii asaimenti, hiyo peji. Mpangilio ni wetu: peji ya mwisho, jina kwanza na kivumishi baadaye. Myers-Scotton anaiita lugha inayotoa muundo huo lugha kiunzi, na ile inayotoa maneno ya kuingizwa lugha pachikwa. Mofimu za sarufi hutoka katika kiunzi. Mofimu za maana zinaweza kutoka upande wa pili. Ndiyo maana mtu wa Tanga atasema nimeisevu, na hutamsikia hata siku moja akichukua kitenzi cha Kiswahili na kukivalisha viambishi vya wakati vya Kiingereza huku sentensi ikiendelea kwa Kiswahili.

Kabla yake, mwaka 1980, Shana Poplack alikuwa amechunguza Wapuertoriko wa New York. Alipendekeza vizuizi viwili. Kimoja kinasema mtu hawezi kubadili lugha kati ya kiambishi na shina, isipokuwa shina limeshatoholewa kimatamshi. Cha pili kinasema mabadiliko hutokea pale ambapo mpangilio wa maneno wa lugha zote mbili unalingana. Kizuizi cha kwanza kinapata taabu kwetu, kwa kuwa lugha za Kibantu hubandika viambishi kila mahali. Mtu anayetamka nimesabmiti kwa matamshi ya Kiingereza kabisa, je, ametohoa? Mjadala huu haujaisha na sitarajii muumalize katika kurasa mbili za insha.

Lakini Poplack aligundua jambo jingine ambalo kwangu lina uzito kuliko vizuizi vyake. Waliobadili lugha ndani ya sentensi zaidi ni wale waliozimudu lugha zote mbili vizuri. Wasiozimudu walibaki kubandika vijineno pembeni mwa sentensi, aina ya yu no au okei. Kwa hiyo anayesema vijana wanachanganya kwa sababu hawajui Kiswahili wala Kiingereza ana kazi ya kueleza matokeo hayo. Simaanishi kila anayechanganya ni bingwa. Namaanisha kuchanganya peke yake si ushahidi wa udhaifu.

Kuhusu mkopo na ubadilishaji nitasema kidogo. Meza imetoka Kireno, shule na hela zimetoka Kijerumani, kitabu Kiarabu, na bibi yako asiyejua hata moja ya lugha hizo anayatumia yote. Hiyo ni mikopo. Fidbaki iko njiani. Mpaka si mstari wa chaki, nanyi mtakapochambua data semeni mmeuweka wapi na kwa nini.

Tugeukie mielekeo. Wanasaikolojia ya jamii huigawa katika fikra, hisia na mwenendo, na raha ya somo hili iko pale ambapo vitatu hivyo havipatani. Mzazi wa Chumbageni atakwambia Kiswahili ni fahari yetu, na huku anajinyima kulipa ada ya ingilishi midiamu. Si mnafiki. Anasoma vizuri mfumo ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 umefanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali na kukiachia Kiingereza sekondari na vyuo. Mohamed Abdulaziz aliieleza hali ya Tanzania mwaka 1972 kuwa ya ngazi tatu: lugha ya jamii, Kiswahili, Kiingereza. Hapa Tanga ngazi ya kwanza ina Kidigo, Kibondei, Kisambaa, Kisegeju, Kizigua na nyinginezo, na kila ngazi ina faida yake. Mwanafunzi wetu alipata punguzo kwa lugha ambayo haina hata ukurasa mmoja katika mtaala.

Ukiwauliza watu moja kwa moja wanaonaje kuchanganya lugha, watakujibu kama wanavyojibu kuhusu kula kwa mkono wa kushoto. Nimemsikia mhadhiri mwenzangu akilaani mchanganyiko kwa sentensi iliyokuwa na Kiingereza mara nne. Jan Blommaert aliandika mwaka 1992 kuhusu Kiswahili cha wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichojaa Kiingereza, na namna kilivyowatambulisha kuwa kundi moja na kuwaacha wengine nje. Kwa hiyo tukiacha maswali ya moja kwa moja, tunatumia nini?

Wallace Lambert na wenzake walijibu mwaka 1960 huko Montreal. Waliwarekodi watu wanaojua Kiingereza na Kifaransa wakisoma maneno yaleyale kwa lugha zote mbili, kisha wakawasikilizisha watu bila kuwaambia kuwa sauti mbili ni za mtu mmoja. Wasikilizaji wakapima tabia za kila sauti. Sauti ya Kiingereza ilipata alama nzuri zaidi katika sifa nyingi, na kilichowashangaza watafiti ni kwamba wasikilizaji wa Kifaransa nao waliipendelea. Tangu hapo tunatenganisha hadhi na mshikamano: mtu huyuhuyu anaweza kuonekana msomi kwa msimbo mmoja na kuonekana wa kuaminika kwa mwingine.

Jiulizeni basi kuhusu sifa tunazojipa. Watu wa Tanga tunaambiwa tuna Kiswahili kitamu, nasi tunaitikia kwa tabasamu. Ila usanifishaji uliokubaliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi, haukuchagua Kimtang'ata cha Tongoni na Pangani wala Kimrima. Mtoto wa Tongoni anasifiwa barabarani kwa lugha ambayo daftarini anapigiwa mstari mwekundu. Na tunayemtaja kwanza tukijisifu, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, asili yake ilikuwa Uyao. Sifa ya lugha, kwa sehemu kubwa, ni sifa tunayowapa watu. Na dharau ya lugha ni hivyohivyo. Anayemcheka mwenye kusema kalamu kwa r hacheki r, kwa sababu hana ugomvi na sauti hiyo ikiwa katika karamu.

Kazi ya vikundi vya watu wanne. Tafuteni msemaji mmoja anayejua kuhama, mrekodi akieleza njia ya kutoka stendi ya Kange hadi Raskazone kwa namna tatu: Kiswahili cha mtaani, Kiswahili cha taarifa ya habari, na mchanganyiko na Kiingereza. Wasikilizisheni watu ishirini, kumi wa rika lenu na kumi wa rika la wazazi wenu. Waulizeni nani ana elimu, nani mkweli, nani wangempangisha chumba. Baada ya hapo waulizeni wazi wanaonaje kuchanganya lugha, kisha linganisheni majibu. Msianze na swali hilo, mtaharibu yote.

Msemaji aombwe ridhaa kabla ya kurekodiwa. Wasikilizaji waambiwe mwishoni kwamba sauti zote ni za mtu mmoja. Wengine watacheka, wengine watanuna, na manung'uniko yao yaandikeni pia kwa sababu ni data. Majina ya watu yasionekane popote. Ripoti iwe na kurasa sita, kwa Kiswahili, na mifano yote inakiliwe ilivyosemwa bila kusafishwa. Nazipokea ofisini Ijumaa ya wiki ya saba, kabla ya sala ya adhuhuri. Anayetaka kuandika kuhusu Kisegeju aje anione mapema, tutafute kwanza mtu wa kumsaidia kunakili.