Kuhusu kopo lako la uwatu na karela

Shikamoo Mama Zuhura,

Jumamosi ulipokuja kuchukua dawa ulinionyesha kopo la unga wa uwatu, karela na mdalasini, ukafurahi kwamba sukari siku hizi imetulia. Kisha ukiwa mlangoni ukasema umeamka usiku mara mbili, kanga imelowa jasho. Foleni ilikuwa ndefu, nikakuacha uende. Neno hilo halijanitoka kichwani tangu siku ile.

Mama, jasho lile huenda ni sukari kushuka kupita kiasi. Glibenklamaidi unayomeza huhimiza kongosho litoe insulini hata kama hujala, na nguvu yake huweza kufika hadi usiku. Karela nayo hushusha sukari, na uwatu huchelewesha sukari ya chakula kuingia kwenye damu. Vyote vinavuta upande mmoja. Metfomini, kidonge chako kingine cha sukari, ikiwa peke yake ni nadra kukufikisha huko. Ninayoihofia ni glibenklamaidi.

Tena unatumia atenololi ya presha. Dawa hiyo huweza kuficha kutetemeka na moyo kwenda mbio, yaani zile dalili ambazo wengi huzitegemea. Jasho haifichi, kwa hiyo usilipuuze hata kidogo.

Nakuomba uache unga huo kwanza. Vidonge usiviache wala usivipunguze mwenyewe. Daktari ndiye atakayepanga dozi, na mweleze habari ya kopo bila kuona haya. Mdalasini kidogo kwenye chai haunitishi. Shida ni vijiko vya unga kila siku.

Ukiamka tena na jasho, kizunguzungu au njaa ya ghafla, pima. Ikiwa chini ya 3.9 (au 70 kama mashine yako inasoma kwa miligramu), koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji unywe, upime tena baada ya dakika 15. Bado iko chini? Rudia. Ikipanda, kula chakula, maana kwa glibenklamaidi sukari huweza kushuka tena baada ya saa kadhaa. Usipokuwa na kipimo karibu, kunywa tu sukari, usingoje. Na waambie wanao: wakikukuta umezimia, wasikutie kitu mdomoni, wakukimbize hospitali.

Kopo lenyewe halina orodha kamili ya vilivyomo, na hilo linanisumbua. Mwaka 2008 huko Singapuri watu walilazwa, wengine wakafa, kwa sukari kushuka. Bidhaa walizotumia, zikiwemo zilizouzwa kama dawa za mitishamba, zilikutwa na glibenklamaidi ndani yake. Sisemi lako ni hivyo. Ila kama glibenklamaidi imo, utakuwa unameza dozi mbili bila kujua.

Njoo nalo Alhamisi asubuhi, hakuna foleni saa hizo. Lete na mashine yako ya kupimia tuangalie namba za usiku zilizohifadhiwa. Jasho likirudi kabla ya hapo, ukishakunywa sukari nenda kwa daktari siku hiyo hiyo.

Wako,
Mfamasia wako