Kabla ya Majamvi Kukunjwa

Siku ya tatu tangu nizikwe, kabla majamvi ya hitima hayajakunjwa, wanangu walianza kuigombania nyumba yangu ya Magomeni, niliyoijenga chumba kwa chumba kwa fedha za vitumbua nilivyouza alfajiri kwa miaka 31. Kifungua mimba alijitangaza msimamizi wa mirathi, ilhali kikao cha ukoo hakijakaa wala Mahakama ya Mwanzo haijamteua mtu. Mdogo wake akashikilia kwamba iuzwe mara moja, kila mmoja achukue fungu lake. Kaka yangu aliwasihi walipe madeni yangu kwanza, kwa kuwa mirathi haigawanywi kabla ya deni la marehemu, lakini hakusikilizwa. Hilo lilinichoma kuliko matusi yao.

Binti yangu, aliyeniuguza miaka miwili, hakusema neno. Aliingia chumbani, akaikunja kanga yangu iliyobaki na harufu ya udi, akaikumbatia. Laiti ningaliweza kumwambia kwamba daftari la madeni limo katika droo ya cherehani, na kwamba deni kubwa kuliko yote nililoliandika humo ni lake yeye.