Hotuba ya Mkutubi Kwenye Uzinduzi wa Mkusanyo wa Kidijitali wa Daftari za Jamii, Moshi

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, mama zangu, ndugu zangu mliojitolea: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Itifaki imeshazingatiwa, niingie kwenye shughuli. Daftari zilizokuwa kwenye masanduku ya bati na juu ya dari huko Kibosho, Uru, Machame na Marangu, leo zinasomeka kwenye kompyuta. Zimo zamu za maji ya mifongo, mihutasari ya vyama vya msingi vya kahawa, na michango ya misiba. Habari za chama chetu kikuu cha ushirika wa kahawa, KNCU, cha mwaka 1933 mtazipata kwenye vitabu vya historia. Jina la mkulima aliyepimiwa kahawa yake kwa ratili, akalipwa kwa awamu, mtalipata humu.

Vijana wetu, ahsanteni. Mmeng'oa pini zenye kutu moja moja, mkapangusa vumbi kwa brashi laini, mkapiga picha kwa kamera iliyoning'inizwa juu ya meza, bila flashi. Hakuna aliyekandamiza daftari kwenye kioo cha skana ili amalize haraka, na ndiyo maana mishono haikukatika.

Lakini niseme ukweli, vijana msinune: kupiga picha ndiyo ilikuwa kazi nyepesi. Kazi ilikuwa kusoma. Wino umepauka, mwandishi anachanganya Kiswahili na Kichaga kwenye mstari mmoja, na majina yamekatwa kuokoa karatasi. Kwenye daftari moja la mfongo kuna misalaba midogo pembeni ya majina. Mtu baki angeandika "marehemu", na wajukuu wangetujia juu! Mama mmoja wa Uru akavaa miwani, akacheka: "Hawa hawajafa, hawa walitegea kusafisha mfereji. Wanadaiwa faini ya mbege." Akatuonyesha ukurasa wa mbele yake, misalaba ile ile imezungushiwa duara: wamelipa. Mama, maelezo yako tumeyaandika kando ya picha, ili atakayesoma baadaye asihangaike.

Kurasa za madeni na ugomvi wa vihamba hatukuziweka wazi kwa kila mtu. Tulikaa na familia husika, na waliokataa tumewaheshimu. Najua watafiti wengine hawatafurahi. Sawa tu.

Wenye daftari, mali yenu inarudi kwenu leo hii. Kila sanduku lina jina na orodha. Hakikini kabla ya kusaini, na tafadhali msilirudishe jikoni kwenye moshi. Nakala za picha tumezihifadhi zaidi ya sehemu moja, hivyo mashine moja ikifa hatupotezi kitu.

Waliojitolea, naomba msimame tuwaone. Wapigiwe makofi ya kilo! Baada ya hapo mgeni rasmi atafungua ukurasa wa kwanza, na wazee watatangulia kwenye kompyuta.