Jibu la Kwanza kwa Mteja Aliyetuma Salamu Pekee

Mteja anayeandika "Habari" kisha akanyamaza, au anayetuma nukta tupu, mara nyingi anapima tu kama kuna mtu. Kwa hiyo jibu la kiotomatiki liitikie salamu, litaje biashara, na liulize jambo linalojibika kwa maneno machache. Fundi simu anaweza kuandika hivi:

"Nzuri, karibu kwa fundi simu. Tafadhali tuandikie aina ya simu yako na tatizo lake. Ukiwa na picha ya sehemu iliyoharibika, itume pia. Jibu hili limejituma lenyewe. Fundi atakujibu kati ya saa 3 asubuhi na saa 11 jioni."

Swali pana kama "Tukusaidie nini?" huzaa salamu nyingine, na orodha ndefu ya huduma haisomwi. WhatsApp Business hutuma ujumbe wa makaribisho kwa anayeandika mara ya kwanza au baada ya siku 14 za ukimya, bila kuchuja alichoandika. Kwa sababu hiyo, usimlaumu mtu kwa kutojieleza, maana huenda mwingine ameshaeleza kila kitu. Ahidi saa unazoweza kuzitimiza tu.